Mtoto Mbaya wa Thoa

Watu wengi wa mji mdogo wa Dong May wangeweza kupishana na Nhan sokoni wasimtambue. Lakini afungue tu mdomo kuuliza bei ya mchicha, vichwa vinageuka. Sauti yake ndiyo iliyowaamsha alfajiri, na ndiyo iliyowasindikiza jikoni jioni, ikitoka kwenye spika zilizofungwa juu ya nguzo za umeme kuanzia darajani mpaka nyuma ya soko. Aliwatangazia siku ya kuku kuchanjwa. Aliwaambia wachemshe maji, wafunge mbwa, wasianike mpunga katikati ya barabara. "Wananchi mnakumbushwa," ndivyo alivyoanza kila mara, kwa sauti nyororo isiyokubali ubishi, na wananchi wakakumbuka, wapende wasipende.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na ushei, mwepesi wa kucheka, hajaolewa na wala hana haraka. Akiulizwa, hujibu kwamba mwanamume anayetaka kuisikia sauti yake ana spika nje ya dirisha, bure, mara mbili kwa siku. Akivumilia mwaka mzima bila kuhama mji, basi alete posa.

Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa Thoa. Wameruka kamba pamoja, wakafukuzwa darasani pamoja kwa kucheka, na hata Thoa alipoolewa na Quyet, fundi wa mapangaboi, urafiki haukuchuja. Thoa alikuwa na kibanda cha chapati za mchele, zile laini za mvuke zinazokunjwa na uyoga ndani, na Nhan akitoka kutangaza asubuhi hupitia pale, anakula, wanawasema watu.

Thoa alikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, na katika miaka hiyo kila mtu alimfundisha. Mteja akingoja chapati zake, anamfundisha. Kunywa mzizi huu. Usilale upande ule. Nenda hekalu fulani, ukiwa na matunda ya rangi fulani. Acha kazi hii, mvuke unachemsha kizazi. Thoa aliitikia "ndiyo shangazi, ndiyo bibi," huku akikunja. Na mimba ilipoingia na kutulia, alidhani sasa watanyamaza. Wapi! Mafunzo yakaongezeka maradufu.

Asubuhi moja, tumbo likiwa limeshatangulia mbele ya meza, alimwambia Nhan, "Shoga, kichwa changu kimegeuka kabati la watu. Kila apitaye anatia kitu, anafunga mlango, anakwenda zake. Nataka uniahidi jambo."

"Taja."

"Siku nikijifungua, wewe uje unipe hongera. Hongera tupu, kama wali mweupe. Usinimwagie mchuzi."

"Hata nikikuta mtoto amevalishwa soksi mikononi?"

"Hata ukimkuta nazo masikioni."

Nhan akacheka, akaahidi. Ilikuwa ahadi kubwa kuliko ilivyoonekana, maana mtu ambaye riziki yake ni kuwaelekeza wenzake, ulimi wake haujui likizo.

Siku yenyewe ilikuwa ya manyunyu, baada ya mwaka mpya, zile mvua za ukungu zinazofanya kuta zitoe jasho na nguo zisikauke wiki nzima. Tangu asubuhi Nhan alijua Thoa amepelekwa kituo cha uzazi nyuma ya soko. Alikuwa ameshika simu mkononi kama mtu aliyeshika yai. Matangazo ya jioni yalipofika, akaiweka mezani karibu na maikrofoni, akawasha, taa nyekundu ikawaka, akaanza kusoma.

"Wananchi mnakumbushwa kuhusu kuangamiza panya mashambani kabla ya kupanda mpunga. Kila kaya inatakiwa..."

Simu ikatetema. Jina la Quyet. Nhan akakiachia kikaratasi cha panya katikati ya sentensi, akanyakua simu.

"Quyet! Sema!"

"Mama mviringo, mwana mraba!" Quyet alipiga kelele upande wa pili, kisha akaanza kulia.

Ndivyo wasemavyo huko mama na mtoto wakiwa salama salimini, kila mmoja kwa umbo lake alilopangiwa. Nhan aliisikia kauli hiyo mara nyingi maishani mwake, ikisemwa juu ya watu wengine. Leo ilimwingia kifuani kama fataki. Alipiga yowe. Halafu akapiga la pili, refu zaidi.

"Msichana? Msichana! Ana nywele? Kichwa kizima? Mnene? Eee Mbingu, mzuri? Lazima awe mzuri! Mtoto wa Thoa awe nini kama si mzuri! Mtoto mzuri kuliko wote Dong May! Mnono! Mzuri kama ua! Quyet, acha kulia, na mimi nalia!"

Alikuwa amesimama juu ya kiti cha plastiki, hajui amepandaje, anazungusha mkono kama mtu anayefukuza nyuki. Kiti kikayumba. Katika kujishika meza, macho yake yakatua kwenye ile taa ndogo nyekundu. Ilikuwa inawaka. Ilikuwa inawaka muda wote.

Nje, kutoka darajani mpaka nyuma ya soko, mji ulikuwa umesimama. Muuza nyama alibaki na shoka hewani. Watoto waliokuwa wakicheza gololi wakainua nyuso kuzitazama spika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akioga alitoka na povu kichwani kuuliza jirani kama kuna moto. Kisha mtu mmoja akapiga makofi, mwingine akapiga sufuria, na pikipiki kwenye njia panda zikaanza kupiga honi kama timu ya mji imefunga bao.

Nhan akashuka kitini taratibu. Akakohoa. "Wananchi," alisema kwa sauti yake ya kazi, "mnakumbushwa kuhusu panya." Zaidi ya hapo hakuweza. Kicheko kilimkaba, akazima mashine, akaegemea ukuta unaotoa jasho, akacheka na kulia kwa zamu.

Hakucheka muda mrefu. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo akaingia Bibi Lua, mama yake Quyet, koti la mvua limegeuzwa ndani nje, baiskeli ameitupa uani gurudumu bado linazunguka. Nyuma yake, akitokea ofisi ya pili, Mzee Khoat, mkuu wa matangazo, mtu wa taratibu na kalamu mbili mfukoni.

"Nhan, wewe mwehu!" Bibi Lua alisema akihema. "Umefanya nini?"

"Nimefurahi, bibi."

"Umefurahi! Umemwita mtoto mzuri mbele ya mbingu na ardhi! Hata 'roho zisisikie' hukusema!"

Hapo Nhan akashika mdomo. Kwa furaha alikuwa amesahau jambo ambalo hata mtoto wa chekechea wa Dong May analijua. Mtoto mchanga hasifiwi waziwazi. Roho zake ndogo hazijazoea mwili, zinaweza kushtuka zikaondoka. Na nje kuna wengine wasioonekana wanaotafuta kitu kizuri cha kuchukua. Ukitaka kumsifu, tanguliza "roho zisisikie," halafu sema lako kwa sauti ya chini. Au fanya kama wafanyavyo wengi: mtukane. Mwite mbaya, sema unamchukia, na mama yake atafurahi kuliko ukimletea maua.

"Tena si kwa mdomo mtupu," Bibi Lua aliendelea. "Kwa spika! Mizimu viziwi nayo imesikia!"

Mzee Khoat alijikohoza. "Spika hizi ni za mambo ya umma. Habari za mtoto wa mtu hazihusiki. Nitalazimika kuandika..."

"Utaandika baadaye! Kwanza alitengue! Alisema kwa spika, alitengue kwa spika."

"Haiwezekani, mama. Taratibu..." Mzee Khoat akasita, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Uso wake ukalegea kidogo. Alizipenda taratibu kuliko alivyopenda chai, na kumbe moja ilikuwa imemjia. "Ingawa taratibu zinasema, habari yenye kosa ikishatangazwa, husahihishwa katika matangazo yanayofuata. Sasa, kosa ni lipi?"

"Kosa amesema mtoto ni mzuri."

"Na si mzuri?"

Bibi Lua alitazama dari. Alitazama dirisha. Kisha akamsogelea mzee mpaka koti lake la mvua likamlowesha shati, akanong'ona, "Roho zisisikie, ni mzuri mpaka nimeshindwa kumeza chai." Halafu akarudi nyuma, akapaza sauti kuelekea dirishani: "Mbaya! Mbaya kupindukia! Sijawahi kuona!"

"Basi habari ilikuwa na kosa," alisema Mzee Khoat, akachomoa kalamu. "Fupi, Nhan. Na usicheke."

Kesho yake alfajiri, baada ya wimbo wa kufungulia na kabla ya habari za mifereji, Dong May ilisikia hivi, kwa sauti ileile nyororo isiyokubali ubishi:

"Wananchi, sahihisho. Katika matangazo ya jana jioni ilielezwa kwamba mtoto wa ndugu Quyet na Thoa, wa kichochoro cha nyuma ya soko, ni mzuri na mnono. Habari hiyo haikuwa sahihi. Mtoto huyo ni mbaya. Amekunjamana kama panya aliyetumbukia mfereji. Pua yake ni bapa, na sauti yake ni ya bata. Hakuna sababu ya mtu yeyote, wa hapa au wa kwingineko, kumtamani. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Sasa, mifereji."

Hakucheka. Alijibana paja mpaka likavimba, lakini hakucheka. Mzee Khoat, aliyesimama mlangoni kuhakikisha, ndiye aliyelazimika kutoka nje kwenda kuzitazama baiskeli.

Spika moja ilikuwa karibu na dirisha la kituo cha uzazi. Thoa alikuwa amelala ubavu, mtoto kwapani, hajalala vizuri, mwili mzima unauma. Aliposikia "sahihisho" alifumbua macho. Aliposikia "panya" akaanza kutikisika. Kufikia "bata" alikuwa ameuma shuka, machozi yanamtiririka, mkono mmoja ameshikilia tumbo. Muuguzi alikuja mbio akidhani kuna lililoharibika. Na kwenye kitanda cha pili mwanamke mmoja, naye mzazi mpya, akasema kwa wivu, "Wangu nani atamtangaza mbaya? Au ndiyo mpaka uwe na mtu pale?"

Dakika chache baadaye simu ya Nhan iliingiza ujumbe. *Ahsante kwa kumtukana mwanangu. Nimecheka mpaka muuguzi amenipima presha. Bibi Lua ameridhika, ameshampa jina la nyumbani: Chuot. Panya! Umemponza. Tukirudi nyumbani njoo, wewe wa kwanza. Unakumbuka tulivyosema.*

Nhan aliusoma akiwa kibandani kwa Thoa kulikofungwa, chini ya turubai linalodondosha maji, akarukaruka pale peke yake mpaka mwenye duka la jirani akamuuliza kama amepigwa na umeme.

Sasa hongera ya Dong May haina mikono mitupu, na Nhan alijua vizuri anachotaka kupeleka. Si miguu ya nguruwe ya supu ya mzazi. Miguu ya nguruwe ingeletwa na kila mtu, mpaka nyumba ingefanana na bucha. Alitaka nguo za zamani. Mtoto mchanga wa huko huanzia nguo zilizokwisha kuvaliwa na mtoto mwingine mwenye afya, anayekula na kulala bila visa, ili bahati ile imhamie. Na nguo hizo lazima ziombwe, kwa mdomo, mlango kwa mlango, hazinunuliwi. Basi akachukua kikapu, akaanza kuzunguka.

Nguo hazikumpa tabu. Kila nyumba ilimwita ndani ikicheka: "Mwenye sahihisho huyo!" Lakini kila nguo ilikuja na mkia wake.

"Fulana hii mwanangu alivaa mpaka anatambaa, hakuwahi kuumwa," alisema mke wa muuza nyama. "Chukua. Na umwambie Thoa asioshe nywele mwezi mzima."

"Umwambie atie pamba masikioni," alisema mwingine, akimkabidhi kofia ya sufu.

"Asile kaa."

"Asiiname."

"Asimbebe mno mtoto, atazoea mikono."

"Ambebe sana, asipombeba atakuwa na roho ngumu." Hawa wawili walikuwa mtu na dada yake, nyumba moja, wakaanza kugombana pale pale mlangoni, Nhan akatoka kinyumenyume na visuruali viwili kikapuni.

Nhan alimjibu kila mmoja kwa tabasamu, "Ahsante, shangazi. Ahsante, dada." Hakubisha, maana alijua watu wale wanapenda kwa njia waijuayo, na wengine walikuwa wamezaa katika miaka ya shida ambapo pamba ya masikio ndiyo ilikuwa dawa pekee. Lakini akifika nje, kwenye manyunyu, alikung'uta nguo kwa nguvu, mara mbili, kama anayetoa chawa, ushauri ukabaki barabarani na nguo ikaingia kikapuni. Alijihisi mlevi. Alikuwa hajanywa kitu.

Nyumbani alizichemsha zote, na kwa kuwa mvua ilikataa kuziacha zikauke, akazipiga pasi moja moja mpaka chumba kikajaa harufu ya joto. Vitu vidogo vile! Mkono wa fulana haukutosha hata vidole vyake viwili. Mara kadhaa aliinua kimoja mbele ya taa akamwambia mama yake, "Tazama, hii ndiyo suruali! Mtu mzima anaingia hapa!" Mama yake akamjibu kwamba hata yeye aliwahi kuingia humo, na hakuwa na kelele hivi.

Thoa aliporudishwa nyumbani, Bibi Lua mwenyewe ndiye aliyekuja kumwita Nhan. Kuna watu hawaitwi mapema kwa mzazi: mwenye msiba, mwenye ugomvi, mwenye mkosi wa biashara. Bibi Lua alikuwa amefikiri sana, akaamua kwamba mtu anayefurahi mpaka anapanda viti ana roho nyepesi, na roho nyepesi ndiyo ifunguayo mlango vizuri.

"Lakini ukimsifu tena nitakuweka nje na mbwa," alisema.

Mlangoni aliwasha gazeti kuukuu chini, akamwambia Nhan aruke moto, kushoto, kulia, huku yeye akipunga moshi: "Roho njema ibaki, roho mbaya iende zake!" Nhan aliruka na kikapu chake, akanawa mikono kwa maji ya moto, akavua koti lililolowa, akangoja mwili upate joto ndipo akasogeza pazia.

Chumba kilikuwa na joto la makaa, yale yanayowekwa chini ya kitanda kumpasha mzazi, na harufu ya manjano. Thoa alikuwa amekaa kitandani, kitambaa kichwani, soksi miguuni, uso umevimba, macho mekundu ya mtu asiyelala. Nhan alikuwa amejitayarisha na maneno mengi njiani. Alipomwona yakayeyuka. Hakwenda kwa mtoto. Alikwenda kwa Thoa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono.

"Hongera, Thoa," alisema. "Umefanya kazi kubwa, shoga yangu. Nimefurahi mpaka mji mzima unajua."

Thoa akaanza kucheka, katikati ya kicheko akalia, kisha akarudi kucheka. "Wote wanaingia wanakwenda kwa mtoto," alisema akijifuta. "Mimi wananipita kama mlango."

"Huyo panya angoje zamu yake. Nisimulie. Ilikuwaje?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Thoa alijiweka sawa kwenye mito, akasimulia. Alisimulia uchungu ulivyoanza akiwa anachanganya unga, akadhani ni tumbo la kawaida, akauza chapati mpaka zikaisha. Alisimulia jinsi Quyet alivyokimbia na chupa ya maji ya moto na ndala moja, ya pili hajulikani ilipo mpaka leo. "Na ulipofika ule wakati wenyewe, unajua nilikuwa nafanya nini? Nakunja chapati! Mikono yenyewe, hewani, kunja, weka, kunja, weka. Mkunga ananiuliza, 'Dada, unafanya nini?' Namwambia, 'Subirini, kila mtu atapata!'"

Nhan aliangukia mto. "Na akapata?"

"Akapata! Akatoka huyo. Wakaniwekea kifuani, akanitazama hivi, amekunja uso, kama mtu aliyeamshwa na spika yako." Thoa akachezea ncha ya kitambaa. "Niliogopa, Nhan. Mpaka nilipomsikia analia niliogopa."

"Najua," alisema Nhan. Alibaki amemshika mkono, makaa yanapasukapasuka chini ya kitanda.

Ndipo Thoa akafunua kona ya blanketi. "Haya. Mtazame."

Chuot alikuwa amelala, uso mwekundu, ngumi shavuni, nywele zimesimama kama za mtu aliyegombana. Nhan alikuwa anajua kwa hakika kwamba dunia haijatoa kitu kizuri kiasi hiki. Neno hilo lilimpanda mpaka kwenye meno. Akalimeza, macho yakamtoka.

"Namchukia," alisema kwa sauti ya chini. "Mbaya! Tazama pua hiyo! Namchukia mpaka sijui nifanye nini."

"Sauti zaidi!" Bibi Lua alisema kutoka nyuma ya pazia, akiwa ameridhika kabisa.

Nhan akatoa bahasha ndogo nyekundu, akaichomeka kwenye mkunjo wa blanketi kwa ajili ya bahati, kisha akamwaga nguo kitandani. Thoa alizishika moja moja, akauliza hii ya nani, na hii, akicheka kusikia kuhusu visuruali vilivyotoka kwenye ugomvi wa madada. Hakuuliza walisema nini juu yake. Na Nhan hakusema.

Mara mtoto akapata kwikwi. Mwili mdogo ukaruka, hik! Ukaruka tena, hik! Sasa kila mtu wa Dong May anajua dawa ya kwikwi ya mtoto: kipande cha jani, kilichotafunwa ncha, kinabandikwa kwenye paji la uso. Nhan alijua jani gani. Alijua hata lilipo, lilikuwa kwenye chungu dirishani. Ulimi wake ukainuka wenyewe, ukiwa na "wananchi mnakumbushwa" kwenye ncha. Akaufungia. Mashavu yakamjaa.

Thoa alikuwa anamtazama yeye, si mtoto. "Uso wako umekuwa kama sufuria lililobanwa mfuniko."

"Sijambo kabisa."

Hik!

"Una la kusema?"

"Nina moja tu," alisema Nhan kwa shida. "Kwikwi yake nayo naichukia."

Thoa alimwangukia begani kwa kicheko, akishika tumbo, "Usinichekeshe, unaniua," na Nhan akacheka pia, wakacheka bila sauti kama walivyokuwa wakicheka darasani, mabega yakitetemeka, na kwikwi ikaisha wakati wake, mtoto akaendelea kulala, hakuna aliyeona iliisha lini.

Pazia likafunguka. Bibi Lua aliingia na bakuli lililofuka moshi, miguu ya nguruwe na papai bichi, supu nzito ya kuleta maziwa. "Umalize," alimwambia mkwewe, "narudi kuchukua bakuli," akatoka.

Thoa alilitazama bakuli kama mtu anayemtazama mdai aliyegoma kuondoka. "Ni la ngapi leo, hata sijui," alinong'ona. "Nampenda mama, anaamka alfajiri kunipikia. Lakini nguruwe amenijaa mpaka hapa. Nhan..."

"Hapana."

"Shoga yangu."

"Thoa, ile ni supu ya maziwa! Mimi mwari!"

"Hukuja kunipongeza?"

Nyayo za Bibi Lua zilisikika zikirudi kutoka jikoni. Nhan akanyakua kijiko. Alikula haraka kuliko alivyowahi kula maishani mwake, mashavu yamejaa papai, Thoa ameziba mdomo kwa fulana ya muuza nyama, machozi yanamtoka. Alikunywa mchuzi wa mwisho kwa kuinamisha bakuli, akalirudisha mapajani mwa Thoa, akajifuta kidevu kwa mkono, na pazia likafunguka.

Bibi Lua alichungulia bakuli. Uso wake wote ukakunjuka kwa furaha.

"Umeona?" alimwambia Thoa. "Mwenzako akiwepo unakula vizuri." Kisha akamgeukia Nhan, aliyekuwa amekaa wima kama mwanafunzi mwema, tumbo limemjaa, hathubutu kufungua mdomo. "Na wewe uje na kesho. Nitapika kubwa zaidi."